Soksi Nne Gizani

Kwenye droo mna soksi 18: nyeusi 8, nyeupe 6 na za kijivu 4. Zote ni za kitambaa kimoja na saizi moja, kwa hiyo mkono hauwezi kuzitofautisha. Umeme umekatika, simu imeisha chaji, na gari la shule halimsubiri mtu. Unaingiza mkono gizani na kuchota soksi bila kuziona. Uchote ngapi ili, ukifika nje penye mwanga, uwe na hakika ya kupata pea moja ya rangi moja?

Watu wengi wakiulizwa hivi huanza kujumlisha na kutoa zile 8, 6 na 4. Wapo wanaosema tisa, wapo wanaosema kumi, na wapo wanaosema haiwezekani kujua kwa sababu ni mambo ya bahati. Jibu ni nne, na bahati haihusiki hata kidogo.

Fikiria kwamba droo ina akili na inataka kukunyima pea kwa kadiri iwezavyo. Soksi ya kwanza inakupa nyeusi. Ya pili haiwezi kukupa nyeusi tena, maana utapata pea, basi inakupa nyeupe. Ya tatu inakupa ya kijivu. Hapo una soksi tatu za rangi tatu na bado huna cha kuvaa. Lakini ya nne itakupa rangi gani? Rangi zimekwisha. Iwe nyeusi, nyeupe au ya kijivu, mwenzake unaye tayari mkononi. Droo imeshindwa.

Angalia kwamba katika hoja hiyo idadi za 8, 6 na 4 hazikutumika popote. Droo ingekuwa na soksi 800 nyeusi, 600 nyeupe na 400 za kijivu, jibu lingebaki nne, kwa sababu kinachotawala ni idadi ya rangi. Weka mezani visanduku vitatu, kimoja kwa kila rangi, kisha tumbukiza humo soksi nne. Huwezi kuzigawa ili kila kisanduku kiwe na moja tu. Lazima kimoja kipate mbili. Wanahisabati huiita hiyo kanuni ya vishubaka: vitu vikiwa vingi kuliko vishubaka vya kuviwekea, basi kuna kishubaka kitakachobeba vitu viwili au zaidi.

Jibu la fumbo la namna hii lina nusu mbili, na anayetoa nusu moja hajamaliza kazi. Nusu ya kwanza ni kuonyesha kwamba nne zinatosha kila mara, hata droo ikikufanyia ubaya wake wote. Nusu ya pili ni kuonyesha kwamba tatu hazitoshi, na kwa hilo mfano mmoja tu unamaliza ubishi: nyeusi, nyeupe, kijivu. Anayesema tisa hajakosea kwenye nusu ya kwanza, kwa sababu tisa nazo zinatosha. Anachokosa ni nusu ya pili. Amebeba soksi tano asizozihitaji.

Kuna mtego mwingine, na huu huwanasa hasa wale wanaopenda kujaribu mambo kwa mikono. Mtu anafunga macho, anachota soksi tatu, anapata pea. Anarudia, anapata tena. Anarudia mara ya tatu na ya nne, pea zinakuja, naye anatangaza kwamba tatu zinatosha. Hesabu inaeleza kwa nini anadanganyika. Kutoka kwenye soksi 18 kuna njia 816 za kuchota soksi tatu. Njia zisizotoa pea ni zile zenye rangi zote tatu, nazo ni 8 mara 6 mara 4, yaani 192. Zilizobaki, 624, zinatoa pea. Kwa hiyo soksi tatu zitakupa pea katika zaidi ya robo tatu ya majaribio, kiasi cha asilimia 76, na mtu anaweza kujaribu mara kadhaa asikutane hata siku moja na ile hali mbaya. Lakini swali halikuuliza kinachotokea mara nyingi. Liliuliza kinachotokea kila mara, na kwa swali la namna hiyo jaribio moja lililoshindikana lina uzito kuliko mia yaliyofaulu.

Sasa badilisha neno moja tu. Sare ya shule inadai soksi nyeusi, kwa hiyo pea ya rangi yoyote haikufai. Uchote ngapi upate pea nyeusi kwa hakika? Hapa zile idadi tulizozipuuza zinarudi kwa nguvu. Droo yenye hila itakupa kwanza nyeupe zote 6, kisha za kijivu zote 4, na ukifika soksi ya kumi bado huna hata nyeusi moja. Baada ya hapo haina tena cha kukuhadaa nacho. Ya 11 na ya 12 ni nyeusi. Jibu limeruka kutoka 4 hadi 12. Katika swali la kwanza adui yako alikuwa wingi wa rangi. Katika hili adui ni wingi wa soksi usizozitaka, na ndiyo maana ni lazima kusoma fumbo kwa makini kabla ya kugusa namba yoyote.

Tuseme sasa ni watoto wawili wanaokwenda shule, na pea mbili za rangi yoyote zinatosha, hata zikiwa za rangi moja au za rangi tofauti. Jibu linalokuja haraka mdomoni ni nane: pea moja soksi nne, pea mbili soksi nane. Si sahihi. Chota soksi nne, ambazo tumeshajua zina pea. Itoe pea hiyo, uiweke kando. Mkononi umebaki na soksi mbili. Zikiwa za rangi moja, umeshapata pea ya pili. Zikiwa za rangi mbili tofauti, ongeza mbili tu zifike nne, na hoja ya mwanzo inafanya kazi upya: soksi nne, rangi tatu, pea nyingine. Jumla umechota sita. Tano zingeweza kukuangusha: nyeusi tatu, nyeupe moja na ya kijivu moja zina pea moja tu. Pea ya kwanza inakugharimu soksi nne kwa sababu unalipia ubaya wote wa droo. Kila pea inayofuata inagharimu mbili tu, mpaka droo inapokaribia kuisha na rangi nyingine kumalizika kabisa.

Na zile soksi zilizopotelewa na wenzao, ambazo kila nyumba inazo? Tuseme humo ndani mmechanganyika soksi moja nyekundu na moja ya bluu ambazo hazina mwenza. Mwenye nyumba anaziona hazina kazi wala hazina madhara. Gizani zina madhara. Kila moja ni rangi mpya ambayo droo inaweza kukupa ili kupoteza muda wako, na sasa unahitaji soksi sita kabla ya kuwa na hakika ya pea moja, si nne. Kila soksi ya peke yake yenye rangi yake inaongeza moja kwenye jibu.

Hadi hapo vishubaka vilijichagua vyenyewe, kwa kuwa rangi inaonekana wazi. Ukihama kutoka soksi kwenda viatu, mambo yanageuka, na hapa ndipo mafumbo haya yanapoanza kuwa na utamu wa kweli.

Chini ya kitanda kuna sanduku lenye pea 4 za viatu vyeusi na pea 3 za viatu vya kahawia, vyote vya mtindo mmoja na saizi moja, vimechanganywa ovyo. Ni viatu 14. Kwa sasa tuseme huvipapasi. Unachukua tu kimoja kimoja. Ni vingapi vitakupa pea ya kuvaliwa, yaani cha kushoto na cha kulia vya rangi moja? Anayetumia rangi kama vishubaka atasema vitatu, kwa sababu rangi ni mbili. Lakini viatu viwili vyeusi vya mguu wa kushoto havimfikishi mtu popote. Kishubaka chenye vitu viwili hakina faida kama vitu hivyo viwili havikupi unachokitafuta.

Basi panga vishubaka upya. Chukua kila kiatu cha kushoto, ukiunganishe kwa mawazo na kimoja cha kulia cha rangi ileile, hadi upate pea saba. Kila pea iwe kishubaka chake. Vishubaka ni saba. Ukichukua viatu vinane, viwili vitaangukia kishubaka kimoja, na viwili vya kishubaka kimoja ndiyo pea yenyewe. Vinane vinatosha. Saba havitoshi, kwa sababu vyote saba vinaweza kuwa vya kushoto. Viatu ni vilevile na giza ni lilelile, lakini ukichagua vishubaka kwa rangi unapotea, na ukivichagua kwa pea unafika.

Ila kiatu, tofauti na soksi, kinatambulika kwa mkono. Ukikipapasa gizani unajua kama ni cha kushoto au cha kulia, hata kama hujui rangi yake. Ruhusu mkono ufanye kazi hiyo, na jibu linashuka hadi sita. Chukua viatu vitano vya kushoto. Vyeusi vya kushoto ni vinne tu na vya kahawia ni vitatu tu, kwa hiyo kati ya vitano lazima ziwemo rangi zote mbili. Kisha chukua kimoja cha kulia. Kikiwa cheusi, una mwenzake. Kikiwa cha kahawia, una mwenzake pia. Kwa vitano haiwezekani, hata uvigawe vipi. Vinne vya kushoto na kimoja cha kulia vinaweza kuwa vyeusi vinne na kimoja cha kahawia. Vitatu na viwili vinaweza kukufanyia hivyohivyo, na ukibadili kushoto na kulia hali haibadiliki. Na vitano vya mguu mmoja havina pea. Mguso wa vidole umekuokolea viatu viwili.

Kanuni hii mara nyingi huitwa kwa jina la Mjerumani Peter Gustav Lejeune Dirichlet, aliyeitumia katika karne ya 19 kwenye nadharia ya namba. Yeye aliiita kanuni ya droo. Lakini wazo lilikuwepo kabla yake. Mnamo 1622 padri Mjesuiti wa Ufaransa, Jean Leurechon, alikwisha kuandika kwamba ni lazima kuwe na watu wawili wenye idadi sawa ya nywele.

Dai hilo la nywele linaweza kupimwa kwa mji tunaoufahamu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kichwa cha mtu huwa na nywele zinazokaribia 100,000, na hakuna mwenye kufikia milioni moja. Tengeneza vishubaka milioni moja, kuanzia cha mwenye upara kamili, yaani nywele 0, hadi cha mwenye nywele 999,999. Mweke kila mkazi aliyehesabiwa kwenye kishubaka chake. Kama kila kishubaka kingekuwa na watu watano au pungufu, nafasi zote zingeishia kwa watu milioni tano, na watu 383,728 wangekosa pa kwenda. Kwa hiyo kuna kishubaka chenye watu sita au zaidi. Yaani kulikuwa na watu sita Dar es Salaam wenye idadi ileile ya nywele kichwani, hakuna pungufu wala ziada hata ya unywele mmoja.

Ni akina nani? Kanuni haisemi, na haitasema kamwe. Inahakikisha kwamba wapo, lakini haikupi jina, mtaa wala njia ya kuwatafuta. Kwenye soksi hatukuuona upungufu huu kwa sababu tukifika penye mwanga tunaziangalia soksi nne na pea inaonekana mara moja. Kwenye nywele za mji mzima, kujua kwamba wapo na kujua ni nani ni kazi mbili zilizoachana kabisa.

Fumbo ninalolipenda kuliko yote linatokea kwenye kikao. Watu 20 wamekusanyika kupanga harusi. Wengine wamepeana mikono, wengine hawakufikiana. Hakuna aliyejipa mkono mwenyewe, na hata kama wawili wamesalimiana mara mbili tunahesabu mara moja. Dai ni kwamba, hata ikiwaje, lazima kuna watu wawili waliopeana mikono na idadi sawa ya watu.

Ukienda kwa pupa unakwama. Mtu anaweza kuwa amempa mkono yeyote kuanzia watu 0 hadi watu 19, kwa hiyo vishubaka ni 20, na watu ni 20. Vitu havijazidi vishubaka. Kwa mtazamo wa haraka kila mmoja anaweza kukaa kwenye kishubaka chake, na dai linaonekana kuwa la uongo.

Lijaribu kwa kikao kidogo cha watu wanne: mjomba, shangazi, mpwa na jirani. Vishubaka ni 0, 1, 2 na 3. Tuseme mjomba yuko kwenye kishubaka cha 3, maana yake amewapa mkono wote watatu waliobaki. Basi shangazi, mpwa na jirani kila mmoja amepeana mkono na mtu mmoja angalau, na kishubaka cha 0 hakina wa kukaa. Geuza: tuseme jirani ameketi pembeni na hakumpa mkono yeyote. Basi hakuna anayeweza kuwa amewafikia watu wote watatu, na kishubaka cha 3 ni kitupu. Vishubaka hivyo viwili haviwezi kuwa na watu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo vinavyotumika ni vitatu kwa zaidi, na watu ni wanne. Wawili lazima wakutane.

Kwa kikao cha watu 20 ni vilevile. Kishubaka cha 0 na cha 19 vinafukuzana, vinabaki visivyozidi 19, na watu 20 hawaenei. Kwa mtu mmoja hoja haifanyi kazi, na ni sawa, kwa sababu peke yake hana wa kulinganishwa naye. Kuanzia watu wawili na kuendelea, dai halina mwanya. Hapa ustadi ulikuwa kugundua kwamba vishubaka viwili vilivyoonekana tofauti ni kimoja kwa hakika.

Fumbo la mwisho lilikuwa swali la kwanza la Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati ya 1972, iliyofanyika Toruń, Polandi. Chagua namba kumi zozote tofauti zenye tarakimu mbili, yaani kati ya 10 na 99. Thibitisha kwamba ndani yake mna makundi mawili, yasiyo na namba ya pamoja, yenye jumla sawa. Hujaambiwa namba zenyewe. Utathibitishaje jambo kuhusu namba usizozijua?

Hesabu makundi kwanza. Kila moja ya namba kumi inaweza kuingia kwenye kundi au kubaki nje, kwa hiyo uchaguzi ni 2 kuzidishwa kwa 2 mara kumi, yaani 1,024. Ondoa kundi tupu, yanabaki 1,023. Sasa hesabu jumla zinazowezekana. Jumla ndogo kabisa ni 10, kundi lenye namba hiyo peke yake, na kubwa kabisa ni ya 90 hadi 99 zote kumi, ambayo ni 945. Jumla zinazowezekana ni 936 tu. Makundi 1,023 kwenye vishubaka 936: mawili lazima yawe na jumla moja. Yakiwa na namba ya pamoja, iondoe pande zote mbili, na usawa unabaki palepale. Wala hakuna upande utakaobaki mtupu, kwa sababu hilo lingemaanisha kundi moja lilikuwa limo lote ndani ya jingine, na jumla zake zisingelingana.

Jaribu kwa namba 11, 23, 40, 60, 71, 77, 80, 82, 83 na 84. Ukitafuta kidogo utaona 11 na 71 zinatoa 82, ambayo imo, na 23 na 60 zinatoa 83, ambayo nayo imo. Sasa ondoa 11 na 23, ubaki na zile nane. Tafuta tena na hutapata kitu, hata ukikesha: makundi yote 255 ya namba hizo nane yana jumla tofauti, kila moja na yake. Kwa hiyo namba nane hazitoshi kutoa hakikisho. Namba tisa zina makundi 511, na jumla zake zinaweza kufika hadi 855, kwa hiyo vishubaka vinaweza kuwa vingi kuliko vitu na kanuni inanyamaza. Ukimya wake hauna maana kwamba makundi mawili yenye jumla sawa hayapo kwenye namba tisa. Una maana tu kwamba anayetaka kujua habari za tisa atalazimika kuleta hoja nyingine.